Somo: Kuandika pendekezo la makala za kila mwezi lenye mwezi wa majaribio unaolipwa

Habari zenu wakuu. Wengi mnauliza namna ya kumtoa mteja kwenye makala moja moja na kumwingiza kwenye kazi ya kila mwezi. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro. Tovuti wanayo, imejaa picha za kileleni, ila mgeni akitaka kujua apande kwa njia ipi haoni jibu. Pendekezo lisizidi kurasa mbili. Mwenye kampuni atalisoma kwenye simu huku anasubiri wageni uwanja wa ndege.

Hatua ya 1: Anza na pengo lake

Wasifu wako uweke mwishoni, pamoja na viungo viwili vya kazi zako. Aya ya kwanza imhusu yeye. Mfano:

"Ukurasa wenu wa Marangu unataja bei tu. Hausemi kwamba ndiyo njia pekee ambayo mgeni analala kwenye vibanda, wala kwamba anayechukua siku 6 badala ya 5 anapata siku nzima Horombo ya kuzoea hewa ya juu."

Akisoma hapo anajua umepita kwenye tovuti yake, hukutuma barua ile ile kwa kampuni thelathini.

Hatua ya 2: Taja kazi zinazohesabika

"Kusimamia maudhui" ni neno la kuletea ugomvi, maana kila mtu ana tafsiri yake. Andika hivi: kila mwezi makala 4 za maneno 900 hadi 1,100, posti 8 za Instagramu zinazotokana na makala hizo hizo, na ripoti moja. Chini yake andika visivyokuwemo: picha, kupandisha makala kwenye tovuti, kujibu komenti. Kila makala ina awamu 2 za marekebisho. Mada iliyokwishapitishwa ikibadilishwa, hiyo ni makala mpya.

Bei itoke kwenye saa zako. Makala moja, pamoja na kuongea na mwongoza watalii wao, tuseme inakula saa 10, kwa hiyo nne ni saa 40. Posti saa 4, ripoti saa 2, vikao saa 2. Jumla ni saa 48, na kwa shilingi 15,000 kwa saa unapata 720,000. Hesabu hii ni ya kwako. Mteja mpe jumla tu.

Hatua ya 3: Mwezi wa majaribio

Hapa ndipo pendekezo linaposhinda au kufa. Wengi wanakata bei nusu kwa kazi ile ile, halafu mwezi wa pili mteja anashangaa kwa nini bei imepanda. Usipunguze bei ya saa. Punguza kazi: makala 2 na posti 4. Ongeza kazi ya kuanzia, yaani kusoma tovuti yote, kumhoji mwongoza watalii, na kuandaa ukurasa mmoja wa namna kampuni inavyoongea na wageni wake. Makala saa 20, posti 2, ripoti 1, kikao 1, kazi ya kuanzia 6. Saa 30, shilingi 450,000.

Kisha andika kinachopimwa. Rasimu zimefika siku iliyotajwa? Mwongoza watalii akizisoma anakuta kosa la njia au la kambi? Marekebisho yameishia ndani ya awamu 2? Na mteja mwenyewe, amejibu kwa wakati? Watembeleaji wa tovuti wasiwe kipimo cha mwezi huu. Makala mpya huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, kabla haijakaa pazuri kwenye Google. Ukikubali kipimo hicho umeanguka mtihani kabla ya kuingia chumbani.

Malizia na sentensi mbili: makala zilizolipiwa ni mali ya kampuni hata tusipoendelea, na kazi haiendelei mwezi wa pili mpaka pande zote zikubaliane kwa maandishi. Mteja mwoga akiona mlango wa kutokea, anaingia.

Hatua ya 4: Ratiba

Ihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kutoka. Makala ikitoka kila Jumanne, rasimu imfikie Jumanne iliyotangulia, maoni yaje mwisho Ijumaa saa 11 jioni, na nakala ya mwisho iwe tayari Jumatatu. Mada za mwezi ujao zipitishwe kufikia tarehe 25. Kinachochelewesha kazi hizi mara nyingi si mwandishi, ni maoni, kwa hiyo weka hii: "Maoni yasipofika hadi Ijumaa, rasimu itahesabika imekubaliwa."

Kwa biashara ya mlima angalia na msimu pia. Masika ya Machi hadi Mei wageni hupungua, na kuanzia Juni wanarudi. Hao wa Juni wanatafuta taarifa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo makala zao ziwe hewani mapema mwaka, si Mei.

Hatua ya 5: Ripoti

Ukurasa mmoja. Juu: kilichoahidiwa, kilichokabidhiwa na tarehe zake, kilichochelewa na kimekwama kwa nani. Katikati: kwa kila makala, imeonekana mara ngapi kwenye Google na imebofywa mara ngapi. Takwimu hizo ziko Google Search Console. Mwombe akuongeze kupitia Settings, kisha Users and permissions, akupe ruhusa ya Restricted. Inatosha kuona bila kugusa chochote. Chini: mada unazopendekeza mwezi ujao.

Hatua ya 6: Malipo

Mwezi wa majaribio, nusu kabla ya kuanza na nusu ukikabidhi makala ya pili. Baada ya hapo, malipo yote kabla ya tarehe 5. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwenye 720,000 utapokea 684,000. Jua hilo kabla ya kutaja bei, na udai cheti cha hiyo 36,000.

MASWALI

Swali: Mkuu, mteja atasema nusu ya 720,000 ni 360,000. Hiyo 90,000 ya ziada naieleza vipi?

Jibu: Ni zile saa 6 za kuanzia, na zinalipwa mara moja tu. Iandike kwenye mstari wake peke yake: "Maandalizi: 90,000." Ikifichwa ndani ya bei ya makala, hapo ndipo inapoonekana wizi.

Swali: Wangu anataka makala moja ya bure kwanza, aone uwezo.

Jibu: Mpe kazi zako zilizokwishachapishwa. Kama huna ya utalii, andika moja uiweke kwenye ukurasa wako mwenyewe, umtumie kiungo. Akiipenda ainunue.

Swali: Niko Nairobi, hiyo kodi huku ikoje?

Jibu: Kwa huduma za kitaalamu za mkazi nayo ni asilimia 5, malipo yakifika shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi. Muulize mhasibu wa mteja kabla ya kutuma ankara.

Swali: Kaka, mteja asipopitisha mada mwezi mzima, makala zake zinahamia mwezi unaofuata?

Jibu: Ukiruhusu zote, utajikuta unadaiwa makala 8 kwa mwezi mmoja. Andika kwamba inahamia moja tu, na isipotumika kufikia tarehe 15 imekwisha. Ila mada zikikwama kwa sababu yako wewe, unadaiwa zote, na hilo nalo liandikwe.