Somo: Kupata pH ya damu ya mgonjwa wa kuharisha

Tuseme mvuvi kaletwa kutoka mwalo wa Igombe. Kaharisha maji matupu tangu usiku, na sasa anahema haraka tena kwa kina. Majibu: bikaboneti 10 mmol/L, pCO2 24 mmHg. Tunatafuta pH.

```
pH = 6.1 + log(HCO3 / (0.03 × pCO2))
```

Hatua ya 1. Geuza pCO2 iwe kiasi cha kaboni dioksaidi iliyoyeyuka: 0.03 × 24 = 0.72 mmol/L.

Hatua ya 2. Gawanya bikaboneti kwa kiasi hicho: 10 ÷ 0.72 = 13.9. Hapa ndipo penye siri yote. Kwa mtu mzima wa afya ni 24 ÷ 1.2, yaani 20, na pH yake ni 7.40. Kinachoamua pH ni uwiano huo, si bikaboneti peke yake.

Hatua ya 3. Logi ya 13.9 ni 1.14. Jumlisha na 6.1, unapata 7.24. Damu ina asidi nyingi, kwa sababu bikaboneti imetoka na choo.

Sasa angalia kule kuhema kunamfanyia nini. Kama pCO2 ingebaki 40 kama ya mtu wa afya, uwiano ungeshuka hadi 8.3 na pH ingekuwa 7.02. Mapafu yanatoa kaboni dioksaidi ili uwiano usiporomoke. Ndiyo maana mgonjwa huyu akianza kuhema polepole kwa uchovu, usifurahi kwamba ametulia, pH inashuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi napata 8.73. Nakosea wapi?*
Umebonyeza `ln` badala ya `log`, ndugu yangu. Rudia kwa `log`.

*Mashine yetu inasoma kPa. Nimeweka 3.2, nikapata 8.12.*
Mgonjwa anayehema hivyo kwa kuharisha hawezi kuwa na 8.12. Kwa kPa, badala ya 0.03 tumia 0.23: 3.2 × 0.23 = 0.74, na pH inarudi 7.23. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kukadiria desimali.

*Mashine si inatoa pH yenyewe? Kwa nini tuhangaike?*
Swali zuri, dada. Mashine ya gesi za damu inapima pH na pCO2. Bikaboneti inaikokotoa kwa kanuni hii hii, kwa hiyo kuirudia kwa namba zake tu hakuthibitishi kipimo. Chukua bikaboneti iliyopimwa kwenye mashine ya elektrolaiti, kwa damu ya muda uleule. Hiyo huhesabu pia kaboni dioksaidi iliyoyeyuka, kwa hiyo kuizidi ile iliyokokotolewa kwa 1 au 2 ni kawaida. Ikizidi sana, kagua sampuli: povu la hewa kwenye bomba la sindano hushusha pCO2 na kupandisha pH. Damu iliyokaa zaidi ya nusu saa kwenye joto la chumba hufanya kinyume, kwani seli zake zinaendelea kula glukosi na kutoa asidi.