Kukanusha sentensi zenye "kwa kila" na "ipo" zilizopachikana, kisha kuthibitisha

Hatua ya kwanza ni kuandika sentensi yote kwa alama kabla ya kuikanusha: ∀ ni "kwa kila" na ∃ ni "ipo". Tuchukue dai kwamba mfuatano a_n una kikomo:

```
∃L ∀ε>0 ∃N ∀n≥N : |a_n − L| < ε
```

Hatua ya pili ni kupita kutoka kushoto kwenda kulia, ukibadilisha kila ∃ kuwa ∀ na kila ∀ kuwa ∃ bila kuvuruga mpangilio, na kukanusha sharti la mwisho peke yake:

```
∀L ∃ε>0 ∀N ∃n≥N : |a_n − L| ≥ ε
```

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Dar es Salaam huteleza kwenye ε>0, wakaandika ε≤0. Maneno hayo yanataja tu kundi la namba tunazozizungumzia, kwa hiyo hayaguswi. Ukitaka kujipima, kanusha "katika kila daladala ya Gongo la Mboto yupo abiria aliyelipa nauli." Jibu ni "ipo daladala ya Gongo la Mboto ambayo abiria wake wote hawajalipa"; bado tunazungumzia daladala za Gongo la Mboto, na daladala moja inatosha.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha. Tuonyeshe kwamba a_n = (−1)^n haina kikomo, kwa kudhani kinyume chake hadi tufike kwenye mgongano. Tuseme kikomo L kipo. Kwa kuwa dhana hiyo inatupa haki ya kuchagua ε yoyote iliyo chanya, tuchague ε = 1, nayo itatupatia N. Chukua n ≥ N yoyote. Basi n+1 nayo imo, na a_n na a_(n+1) zinapishana kwa 2 kamili, kwa hiyo:

```
2 = |a_n − a_(n+1)| ≤ |a_n − L| + |L − a_(n+1)| < 1 + 1 = 2
```

Namba 2 haiwezi kuwa ndogo kuliko 2, hivyo L haipo. Uchaguzi wa ε haukuwa wa kubahatisha: ni nusu ya umbali kati ya 1 na −1. Ungechagua ε = 3, ungepata 2 < 6, ambayo ni kweli na haithibitishi chochote.

Mara nyingine mgongano hauhitajiki. Chukua dai hili: ikiwa a ≤ b + ε kwa kila ε>0, basi a ≤ b. Dhana hiyo ina ε zisizo na idadi, na ni vigumu kujua uanzie ipi. Kanusha pande zote mbili na uzibadilishe nafasi: ikiwa a > b, basi ipo ε>0 ambayo a > b + ε. Sasa kazi ni kutafuta ε moja tu. Weka ε = (a − b)/2, ambayo ni chanya kwa sababu a > b; hapo b + ε ni (a + b)/2, namba iliyo katikati ya b na a, kwa hiyo ni ndogo kuliko a.