Kabla ya kumpaka paka dawa ya viroboto, andaa nyumba

Mzio wa viroboto kwa paka hutambulika kwa vidole kabla ya macho. Pitisha mkono polepole kutoka shingoni, ufuate mgongo hadi penye shina la mkia. Ukisikia chini ya manyoya vipele vidogo vikavu, kama punje za ulezi zilizogandia ngozi, hayo ni magamba ya vidonda. Mate ya kiroboto ndiyo yanayoichokoza ngozi, na kwa paka mwenye mzio kuumwa mara chache tu kunatosha kumfanya ajikune na kujilamba hadi manyoya yanyonyoke.

Usiseme "sijaona kiroboto hata kimoja" ukaishia hapo. Paka anayewashwa hujilamba sana na kuwameza. Tafuta kinyesi chao: chana manyoya juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Chembe nyeusi zikitoa rangi ya wekundu wa kahawia, hiyo ni damu iliyosagwa tumboni mwa kiroboto.

Ukishathibitisha, usikimbilie kununua dawa. Angalia kwanza nyumba. Hapa Goma wengi tunakaa nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya mawe ya volkano, na hali ya hewa haina baridi kali ya kukatiza uzazi wa viroboto. Jike huanza kutaga siku moja au mbili baada ya kunyonya damu, na anaweza kutaga mayai 40 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka pale paka analala: kitenge kikuukuu, godoro la watoto, chini ya kitanda. Funza wanaotoka humo hukimbia mwanga, wakaingia kwenye nyufa za mbao na kula kinyesi cha viroboto wakubwa. Kisha kila mmoja hujifunga ndani ya kifukofuko kinachonata, chenye vumbi juu, ambacho dawa za kupuliza haziingii vizuri. Humo anaweza kungoja miezi kadhaa hadi asikie joto na mtikisiko wa hatua, ndipo atoke.

Familia moja ya Majengo iliyapata haya yote. Walikuwa na paka wawili na mbwa, wakampaka dawa yule paka mgonjwa peke yake. Alipata nafuu, lakini wiki ya tatu magamba yakarudi, na mama mwenye nyumba akaamini ameuziwa dawa ya uongo. Dawa ilikuwa nzuri. Paka wa pili na mbwa, ambao hawakuwa na kipele, waliendelea kulisha viroboto, na mayai yao yakadondoka kwenye mkeka uleule.

Basi kabla ya siku ya dawa, hesabu wanyama wote wa pasele wanaoingia ndani, kila mmoja apate dawa ya aina yake siku hiyohiyo. Pima uzito wa kila mmoja, kwa kuwa kipimo hutegemea kilo, na kama kuna watoto wa paka muulize veterineri umri unaoruhusiwa. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: dawa ya mbwa yenye permetrini inaua paka. Anaanza kutetemeka, mate yanamtoka, degedege linafuata. Petroli ya taa na mafuta ya gari nayo ni sumu, kwa sababu atayalamba.

Chagua siku yenye jua. Matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto, mikeka na magodoro yaanikwe, vitanda visogezwe. Nyufa zisuguliwe kwa brashi ngumu, hasa pembeni mwa ukuta, na vumbi lichomwe nje mara moja, lisiachwe kwenye ndoo ndani. Ukipuliza dawa sakafuni, soma karatasi yake, kwani nyingi za mbu na mende zina jamii ya permetrini; paka wasirudi hadi pakauke kabisa.

Jiandae pia kuwaona viroboto wapya kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Hao wanatoka kwenye vifukofuko vya zamani. Usirudie dawa kabla ya muda wake. Mpake tena kila mwezi kama maandishi ya dawa yanavyosema, kwa miezi mitatu angalau, huku ukifagia na kufua kila wiki. Ile familia ilifuata hivyo, na magamba yalikauka yakaanguka huku viroboto wachache wakiendelea kurukaruka mbaoni.

Ikipita miezi miwili ya kazi hii na vipele vingali vinatoka, mpeleke paka kwa veterineri. Fangasi, utitiri na mzio wa chakula huleta magamba yanayofanana sana na haya, na kila kimoja kina tiba yake. Akitoa usaha, au amejikuna hadi damu, usisubiri miezi hiyo.