Dakika kumi za maswali: kujiandaa kabla ya kuwasilisha mada ugenini

Wengi wetu tunaosoma au kufanya kazi Ulaya tunahangaika na slaidi mpaka usiku wa manane, halafu kipindi cha maswali tunakiachia Mungu. Lakini mada ya dakika ishirini umeipanga mwenyewe neno kwa neno, ilhali dakika kumi zinazofuata zinapangwa na watu usiowajua. Humo ndimo wasikilizaji wanapoamua kama unaijua kazi yako au umeikariri tu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Tuseme wewe ni Mkenya unayesoma uzamili Uholanzi, na umeombwa kuzungumzia M-Pesa na umaskini. Nguzo ya mada yako ni utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016. Walikadiria kwamba huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2007, iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka kwenye umaskini, yaani takriban asilimia 2 ya kaya zote nchini. Takwimu inavutia, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo itakayoshambuliwa.

Anza maandalizi kwa kuyaorodhesha uliyoyaacha nje, kwa kuwa maswali mazito hutoka huko. Uliacha mikopo ya simu ili kuokoa muda? Utaulizwa kuhusu mikopo. Uliruka sehemu ya mbinu kwa sababu inachosha? Kuna mtu alikuja kwa ajili ya mbinu tu. Kisha tafuta ukosoaji uliokwisha chapishwa. Kwa mfano wetu upo: mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake wawili waliukosoa utafiti ule wakisema haukutazama madeni, biashara ndogo zinazokufa au kusukumwa nje ya soko, na faida inayokwenda kwa wanahisa wa nje. Usipowasoma, atakuwepo ukumbini aliyewasoma.

Chagua maswali matano unayoyaogopa kuliko yote, si yale unayoyatamani. Kila moja liandikie jibu la sentensi tatu: jibu lenyewe, sababu yake, na mpaka wake. Halafu liseme kwa sauti huku simu ikihesabu sekunde. Likivuka dakika moja, lipunguze. Jibu unalolisoma kimoyomoyo siku zote huonekana fupi na zuri, ila mdomoni linageuka hotuba. Ukiweza, mwombe rafiki akurushie maswali hayo bila mpangilio, tena kwa Kiingereza kile kile utakachotumia siku hiyo.

Baada ya slaidi ya "Asanteni" weka slaidi za akiba tatu au nne: jedwali la mbinu, hesabu ya gharama, ramani. Andika namba zake kwenye karatasi. Kwenye PowerPoint, wakati wa kuonyesha, ukibonyeza 18 kisha Enter unatua moja kwa moja slaidi ya 18, badala ya kurudi nyuma moja moja huku watu wote wakikuangalia.

Sasa swali la ukali. Mtu anasimama, hajisumbui na salamu, anasema: "Unatueleza habari ya kuondoa umaskini, na wakati huo huo kampuni hiyo inawakopesha maskini kwa riba ya asilimia 90. Huoni aibu?" Kwanza tulia sekunde mbili tatu. Andika maneno mawili: riba, 90. Kuandika kunakupa muda, na kunaitenga hoja na ile sauti. Hoja ina msingi: M-Shwari, huduma ya mikopo inayopatikana kupitia M-Pesa, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Akikopa kiasi hicho hicho kila mwezi kwa mwaka mzima, analipa ada ya shilingi 900, na ndiyo hiyo asilimia 90.

Kwa hiyo usikatae kilicho kweli. Jibu liwe hivi: "Hesabu yako ni sahihi kwa mtu anayekopa mwaka mzima bila kupumzika, na nakubali ni ghali. Matokeo niliyoonyesha yanatokana na kusogezewa mawakala wa kutuma na kupokea pesa, si mikopo. Hivyo siwezi kuyatumia kuitetea M-Shwari, wala sijaitetea." Ile "aibu" iache ilipo. Anza ukimtazama aliyeuliza, lakini maliza ukiutazama ukumbi, kwa sababu ukimalizia machoni pake umemkaribisha arudi tena. Akirudi, sema mtaendelea wakati wa chai, na umwangalie mwenyekiti. Kugawa zamu ni kazi yake.

Hapa niweke neno kuhusu wenyeji wetu. Mholanzi au Mjerumani akikuambia "sikubaliani na hitimisho lako" mbele ya watu, mara nyingi hakuna ugomvi hapo. Ndivyo anavyomwambia hata mwenzake wa ofisini. Sisi tuliolelewa kutombishia mkubwa mbele za watu hujikuta tunaomba radhi, au tunamwitikia profesa kila kitu kwa heshima. Ukumbini ile heshima husomeka kwamba umesalimu amri. Unaweza kupinga kwa adabu: "Nimekuelewa, ila data hizi hazionyeshi hivyo, na sababu ni hii." Jihadhari pia na swali la kukanusha. Akiuliza kwa Kiingereza kama hukupima madeni, nawe ukaitika "yes" kwa maana ya Kiswahili kwamba kweli hukupima, wengine watasikia kwamba ulipima. Toa sentensi kamili: sikupima madeni.

Lililo gumu zaidi kwangu si la mkali bali la mpole mwenye akili. Mama mmoja nyuma kabisa anauliza taratibu: "Matokeo yalipimwa mwaka 2014, na M-Shwari ilikuwa imeanza miaka miwili kabla. Unajuaje kwamba sehemu ya badiliko hilo haikutokana na mikopo?" Swali zuri, na huenda huna jibu. Usibuni. Hasa usibuni namba, maana namba uliyoitaja kwa kubahatisha itanukuliwa kesho ikiwa na jina lako. Sema kile unachokijua mpaka kinapoishia: "Tofauti waliyoitumia ni ya mawakala walioongezeka kati ya 2008 na 2010, kabla ya mikopo hiyo. Lakini kama waliokuwa karibu na mawakala ndio pia waliokopa zaidi baadaye, mimi siwezi kulitenganisha hilo hapa. Ingehitajika rekodi za mikopo kwa kila kaya." Umeonyesha swali linakwama wapi na lingefunguliwa na nini, bila kujifanya.

Ni tofauti na kitu unachokijua ila kimekutoka kichwani. Hicho sema umekisahau, uchukue anwani ya barua pepe ya muulizaji, usizunguke. Na swali lililo nje kabisa ya fani yako, mathalani sheria za Benki Kuu ya Kenya kwa wakopeshaji wa kidijitali, lipe sentensi moja na uliachie hapo.

Kama hukusikia lafudhi ya muulizaji, omba arudie. Ukishindwa mara ya pili, lirudie swali kama ulivyolielewa na umuulize kama ndilo. Kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza kunaudhi kuliko kuomba lirudiwe.

Kabla ya kikao mwambie mwenyekiti aweke swali moja la akiba, ukumbi usije ukanyamaza, na umpe rafiki karatasi aandike maswali yote, kwa sababu wewe hutayakumbuka. Jioni ile ile watumie majibu wale uliowaahidi, pamoja na ukurasa wa chapisho. Yule wa asilimia 90 mtumie ile hesabu ya shilingi 1,000 na jina la makala ya wakosoaji. Huenda ndiye atakayekuomba rasimu yako inayofuata.