Laki mbili za uchakavu: zinapunguza faida, lakini hakuna anayelipwa

Dada mmoja mwenye kibanda cha kudarizi nembo za sare za shule pale Temeke alinirudishia mchanganuo niliomwandikia kwa ajili ya mkopo. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja: "Uchakavu wa mashine, 200,000 kwa mwezi." Akaniuliza, "Kaka, hii laki mbili namlipa nani?"

Halipwi mtu. Ila mstari ule haufutwi, na sababu nitaionyesha kwa hesabu za kibanda chake.

Hatua ya 1: Tafuta gharama kamili ya mashine

Mashine yenyewe ilikuwa 13,400,000. Kuisafirisha, kuifunga na kununua stebilaiza kulikula 600,000 nyingine. Zote zinaingia kwenye gharama ya mashine, kwa hiyo tunaanza na 14,000,000. Kuhusu stebilaiza sibishani na mtu: umeme ukicheza mara moja, ubao wa kompyuta wa mashine umeungua.

Hatua ya 2: Kadiria miaka na bei ya kuuzia

Hapa usiniulize mimi, muulize fundi anayezitengeneza. Wa kwetu alisema kwa kazi ya kila siku itakwenda miaka 5, na ikichoka inaweza kuuzwa kwa 2,000,000. Ukinunua iliyotumika, punguza miaka. Nimeona watu wakiandika miaka 10 ili faida ipendeze. Afisa mikopo anayezijua mashine hizo ataliona hilo mapema.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Toa 2,000,000 kwenye 14,000,000, zinabaki 12,000,000. Gawa kwa miezi 60, unapata 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kwenye Excel andika:

```
=SLN(14000000,2000000,60)
```

Hatua ya 4: Iweke kwenye makadirio ya faida

Kwa mwezi tulikadiria mauzo ya 2,600,000. Nyuzi, mshahara, pango na umeme kwa pamoja ni 1,750,000. Inabaki 850,000. Toa uchakavu wa 200,000, faida kabla ya kodi ni 650,000.

Dada alinuna. "Lakini droo ina laki nane na nusu!" Ni kweli, ipo. Lakini kila nembo anayodarizi inakula kipande cha mashine, na kipande hicho alishakilipia siku ile alipotoa milioni 14. Kuiandika gharama yote mwezi wa kwanza kungeonyesha hasara kubwa ya uongo, kisha miaka mitano ya faida iliyovimba. Uchakavu unaigawa gharama ile kwa miezi ambayo mashine inafanya kazi.

Hatua ya 5: Kwenye mtiririko wa fedha, iondoe

Jedwali la fedha linafuata noti zinazoingia na kutoka, basi. Siku ya kununua andika 14,000,000 zimetoka. Baada ya hapo kila mwezi andika 850,000 zimebaki, bila kutaja uchakavu. Ukianzia kwenye faida ya 650,000, rudishia zile 200,000 na utafika palepale. Hii ni kwa sababu wateja wake wanalipa papo hapo. Wangekuwa wanakopa, kungekuwa na marekebisho mengine.

Hatua ya 6: Jisahihishe mwenyewe

Chukua miaka yote mitano. Faida ni 7,800,000 kwa mwaka, jumla 39,000,000. Upande wa fedha, kibanda kimebakiza 10,200,000 kwa mwaka, jumla 51,000,000. Toa 14,000,000 za kununulia, ongeza 2,000,000 za kuuza mashine iliyochoka. Ni 39,000,000 vilevile. Zikitofautiana, mara nyingi umeweka bei ya mashine na uchakavu wake pamoja kwenye faida, ukaikata gharama moja mara mbili. Au umeuacha uchakavu kwenye jedwali la fedha. Marekebisho ya mashine usiyachanganye humu: fundi analipwa pesa taslimu, hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Kuhusu kodi, kwa ufupi. TRA haifuati miaka uliyokadiria. Sheria ina viwango vyake, kwa mfano asilimia 37.5 kwa kompyuta, inayokokotolewa kwenye thamani iliyobaki. Na mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio hutozwa kwa mauzo, hivyo uchakavu haumpunguzii kitu.

Dada akauliza swali la mwisho: kwa hiyo hizo laki mbili zinajiweka akiba? Hapana. Zimo droo ileile na hela ya nyuzi, na zikitolewa kwenda kwenye harusi daftari halitapiga kelele. Tulikubaliana zihamie akaunti ya pembeni kila tarehe 5. Miezi 60 itampa 12,000,000, na akiuza ile kuukuu anafika 14,000,000, bei ya leo. Nilimwambia aongeze kidogo, maana mashine hizi huagizwa nje na dola haitamsubiri.

Akaanza na laki mbili na nusu.