Somo: Kurekodi njia ya Shela hadi Kipungani kwa simu bila mapengo

Ufukwe wa Shela, kisiwani Lamu, una kilomita kama 12 za mchanga mpaka upande wa Kipungani. Wengi hurudi na ramani yenye mstari ulionyooka kama rula ukikatiza vilima vya mchanga ambavyo hawakuvikanyaga. Kwenye Android, mshukiwa wa kwanza ni Kiokoa Betri: kioo kikizimika, kinaweza kusimamisha huduma ya mahali. Basi usiwashe Kiokoa Betri. Okoa chaji kwenye kioo na mtandao, maana hivyo ndivyo vinavyoila zaidi.

1. Nyumbani, pakua ramani ya Kenya kwenye programu ya OsmAnd, uwashe Trip recording na uchague pointi moja kila sekunde 5.

2. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye OsmAnd, kisha betri, uchague Unrestricted. Usiposhughulikia hili, mfumo unaweza kuiua programu simu ikiwa mfukoni. Simu nyingine zina ruhusa ya ziada ya kujiwasha yenyewe, itafute pia.

3. Usianzie vichochoroni mwa mji wa Lamu. Kuta ndefu hurudisha mawimbi ya setilaiti na pointi huruka paa hadi paa. Toka ufukoni penye anga wazi, data ikiwa imewashwa ili simu ijue upesi setilaiti zilipo. Ikishapata mahali, anza kurekodi, zima data, Wi-Fi na Bluetooth, uzime kioo. GPS inapokea tu, haihitaji bando.

4. Kabla ya safari yenyewe, tembea nusu saa kioo kikiwa kimezimwa, kisha lifungue faili la GPX lenye njia uliyorekodi usome saa:

```
<time>2025-01-18T05:12:10Z</time>
<time>2025-01-18T05:31:40Z</time>
```

Hizi ni pointi mbili zinazofuatana. Z ni saa ya dunia. Ongeza 3 upate yetu, yaani saa mbili na dakika 12 asubuhi. Kati yao zimepita dakika 19 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kilomita 1.6 hivi hazikurekodiwa. Rudi hatua ya 2.

Maswali

*Mwalimu, mbona tusirekodi kila sekunde?*
Kwa sekunde moja unasogea mita 1.4, na simu hukosea mita kadhaa. Pointi zitayumba na urefu wa njia utazidi, hasa ukikaa kupumzika. Kwa sekunde 5 unasogea mita 7, inatosha.

*Nikizima mtandao, mama atanipataje?*
Zima data tu, dada, laini iache. Mtandao ukiwa hafifu na simu inahangaika kuutafuta, weka hali ya ndegeni, mkubaliane saa za kuiondoa. Hakikisha OsmAnd bado inahesabu kilomita.

*Pengo likishatokea, lajazika?*
Halijaziki, kaka. Unaweza kuchora kwa mkono ulikopita, lakini saa na mwendo wa kipande hicho havipo tena. Kila ukipumzika, washa kioo utazame kama kilomita zimeongezeka.