Somo: Bei ya fyucha inapanda huku mikataba iliyo wazi inapungua

Mikataba iliyo wazi ni ile ambayo haijafungwa hadi mwisho wa siku. Kila mkataba una mnunuzi na muuzaji, ila huhesabiwa mara moja. Mnunuzi mpya akikutana na muuzaji mpya, idadi inaongezeka. Mmoja akiingia mwingine akitoka, haibadiliki. Wote wakitoka, inapungua.

Hatua ya 1. Chukua jumla ya mikataba iliyo wazi ya miezi yote ya bidhaa unayoifuatilia, si ya mwezi mmoja.

Hatua ya 2. Linganisha mwanzo na mwisho wa siku 5 hivi za soko. Badiliko la siku moja hudanganya.

Hatua ya 3. Weka idadi hiyo kando ya bei. Tuseme bei imetoka 80 hadi 84, na mikataba kutoka 200,000 hadi 218,000. Watu wapya wameingia pande zote mbili, na wanunuzi wamekubali kulipa zaidi ili wapate. Mwendo huo una nguvu.

Siku 5 zinazofuata bei inafika 87, lakini mikataba inashuka hadi 203,000. Hapa wengi huona chati inapanda na kuongeza mzigo, na ndipo wanapoumia. Mikataba 15,000 imefungwa. Sehemu kubwa ya ununuzi huo huwa ni ya waliouza mapema na sasa wananunua ili kukata hasara. Wakishamaliza kutoka, hakuna anayelazimika tena kununua. Usiongeze, sogeza stopu karibu. Lakini usikimbilie kuuza, kwa sababu bei inaweza kuendelea kupanda kwa siku kadhaa zaidi. Subiri bei ivunje kiwango chake cha chini cha karibuni.

Bei ikishuka, kanuni ni ile ile: mikataba ikiongezeka, wauzaji wapya wanasukuma, ikipungua, walionunua wanakata tamaa na kutoka.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mikataba ya mwezi niliomo imepungua nusu kwa siku chache na bei haijatikisika. Watu wamekimbia?*

Hapana, wamehamia mwezi unaofuata kabla huo haujaisha muda. Jumlisha miezi yote utaona idadi haijayumba sana. Ndiyo sababu ya hatua ya 1.

*Ikiongezeka si ina maana wanunuzi wamezidi wauzaji?*

Hawawezi kuzidi, ndugu. Kila mkataba una mmoja kila upande. Aliye na haraka utamjua kwa bei.

*Inafaa kwenye chati ya dakika 15?*

Kwa soko kama CME, hapana. Idadi ya mwisho hutoka siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo leo unasoma ya jana. Unachokiona kikienda ndani ya siku ni kiasi cha biashara, na hicho huongezeka hata pale wote wanapofunga mikataba yao.